Jetoni mbili, namba moja: mama si mwizi

Mama amesimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Anatoa jetoni yake, agenti anaandika namba kwenye tableti, kisha anainua kichwa: «Namba hii imekwisha kuchukua unga.» Watu wa nyuma wanaanza kunung'unika kwamba mama anataka kupita mara mbili. Kumbe kuna jamaa nyingine, katika kijiji kingine, iliyopewa namba ile ile.

Jambo hili linaweza kutokea popote ambapo namba za watu zinatolewa kwa bahati nasibu. Kosa si la mama, wala si la agenti. Ni la wale waliochagua namba fupi bila kupiga hesabu.

Chukua mfano wa namba ya tarakimu sita, kuanzia 000000 hadi 999999. Hizo ni namba 1.000.000. Wakubwa wa kazi wanasema: jamaa ni 2.000 tu, namba zitatosha sana. Kutosha, zinatosha. Lakini swali si kama zinatosha, swali ni kama jamaa mbili zinaweza kuangukia namba moja. Kila jamaa inaweza kugongana na yoyote kati ya zile 1.999 zingine. Ukizihesabu mbili mbili, unapata jozi 1.999.000. Kila jozi ina bahati moja kwa milioni ya kufanana, kwa hiyo tazamia jozi 2 hivi zenye namba moja. Bahati ya kukosa hata jozi moja ni kama 14 tu kwa 100.

Ni hesabu ile ile ya siku za kuzaliwa. Katika darasa la wanafunzi 23 kuna jozi 253, na bahati ya kukuta wawili waliozaliwa siku moja inapita kidogo nusu, ingawa mwaka una siku 365.

Tena, watu wakiongezeka mara mbili, jozi zinaongezeka mara nne. Jamaa zikifika 10.000, tazamia jozi 50 hivi. Hapo ni karibu jamaa 100 zitakazogombana mbele ya magunia.

Watu wa ordinateri watajibu kwamba mashine inakataa namba iliyokwisha kutolewa. Ni kweli kwa tableti moja. Lakini katika vijiji visivyo na rezo, kila tableti inajua orodha yake tu. Mgongano unaonekana jioni, orodha zinapounganishwa. Na kama programu imepangwa vibaya, jina jipya linafuta la zamani, na jamaa nzima inapotea bila mtu kujua.

Dawa ya kwanza ni rahisi: kila tableti ipewe alama yake. Tableti ya 07 itoe 07-0001, 07-0002, na kuendelea. Hapo hakuna bahati nasibu, hakuna mgongano.

Wengine watasema namba zinazofuatana ni rahisi kwa mwizi kuzibuni. Wana haki. Lakini tarakimu sita za bahati nasibu nazo hazilindi: jamaa zikiwa 10.000, mwizi akitaja namba yoyote ana bahati moja kwa 100 ya kupata ya mtu. Wanaotaka siri waende kwenye tarakimu kumi na mbili, zikiandikwa nne nne ili zisomeke: 4821 0937 5516. Kwa jamaa zile zile 10.000, bahati ya kuwa na mgongano inashuka hadi moja kwa 20.000, na mwizi anabaki na bahati moja kwa milioni 100.

Hata hivyo, urefu hausaidii kama tableti zinachagua namba vibaya. Tableti mbili zikianzia mahali pamoja, kwa mfano zote zinafuata saa moja isiyorekebishwa, zitatoa mfuatano ule ule. Dalili yake ni hii: hesabu inatazamia jozi 2, orodha inaonyesha 40. Hiyo si bahati mbaya tena, ni mashine ya kutengenezwa.

Wakuu wa mitaa na kamati za wahamiaji wasingoje siku ya kugawa. Kabla jetoni hazijachapwa, waulize watu ni wangapi na namba zinazowezekana ni ngapi. Wachukue idadi ya watu, waizidishe kwa yenyewe, wagawanye kwa mbili, kisha wagawanye kwa idadi ya namba. Jibu likikaribia 1 au kulipita, wakatae. Na orodha zikiunganishwa, namba iliyojirudia isifute mtu: jamaa zote mbili ziitwe, moja ipewe jetoni mpya, zote zile.