Senene, Kumbikumbi, na Mtoto Aliyedhurika kwa Kamba



Mama mmoja wa Kihonda, hapa Morogoro mjini, ametuletea swali ambalo tunaona si lake peke yake. Mumewe ni mtu wa Bukoba, na kila mwaka ifikapo Novemba au Desemba shangazi wa watoto huwatumia kopo la senene kwa basi. Watoto wawili wakubwa huwala kwa furaha mpaka kopo liishe. Wa tatu, binti wa miaka sita, alipelekwa Dar es Salaam kumsalimu bibi yake, akapewa wali kwa kamba. Haikupita nusu saa midomo ikamvimba, akatokwa na mabaka yanayowasha mwili mzima, kisha akatapika. Tangu siku hiyo hapewi kamba. Sasa mama anauliza: senene ni chakula cha kujenga mwili kweli, au ni kitafunwa tu cha kujifurahisha? Na huyu binti, je, anaweza kuwala kama ndugu zake?

Tuanze na swali la kwanza, maana ndilo jepesi.

Kwetu huku chini ya milima ya Uluguru mdudu tunayemfahamu zaidi ni kumbikumbi, yule anayeruka mvua za kwanza zinapoanza na kuijaza taa ya barazani. Senene ni mgeni anayeletwa na wakwe, wanafunzi na wafanyakazi waliotoka Kagera. Ni jamaa wa panzi mwenye vipapasio virefu, huruka usiku kwa makundi na kufuata mwanga. Akikamatwa huondolewa mabawa na miguu, huoshwa, huchemshwa na chumvi, kisha hukaangwa. Aliyewahi kumkaanga anajua kuwa hahitaji mafuta mengi, kwa sababu mafuta yake mwenyewe hutoka na kujaa kikaangoni.

Jambo hilo la mafuta ndilo linalotueleza senene ni chakula cha namna gani. Akikaushwa kabisa, katika kila gramu 100 zake kuna protini kama gramu 40 na mafuta yanayokaribia kiasi hicho hicho au kukizidi. Kwa hiyo anajenga mwili na pia anatia nguvu nyingi kwa wakati mmoja. Ana madini ya chuma na zinki pia. Senene mbichi ni habari nyingine: sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na protini hubaki kama theluthi moja ya kiasi tulichotaja. Mama anaposikia watu wakisema senene anaishinda nyama kwa protini, aulize kwanza wanalinganisha senene mkavu na nyama gani. Mara nyingi hulinganishwa mdudu mkavu na nyama mbichi yenye maji, na hapo mizani haiko sawa.

Kuna jambo lingine dogo. Maabara hukadiria protini kwa kupima naitrojeni iliyomo kwenye chakula. Ganda la mdudu nalo lina naitrojeni, lakini si protini, na tumbo la mtoto haliwezi kulitumia kama linavyotumia nyama ya ndani. Kwa sababu hiyo hesabu za wadudu mara nyingi huonekana kubwa kidogo kuliko faida halisi. Hata ukipunguza kiasi hicho, kinachobaki bado ni chakula kizuri.

Tuchukue mfano wa kijana mkubwa wa mama huyu. Tuseme ana kilo 25. Mtoto wa umri wake anahitaji protini kama gramu moja kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 25 hivi. Akila gramu 30 za senene waliokaushwa vizuri, atapata kama gramu 12, karibu nusu ya mahitaji ya siku. Gramu 30 hizo hizo zikiwa dagaa wakavu zingempa kama gramu 18, na zikiwa maharage makavu kama gramu 6 au 7. Maoni yetu basi ni haya: senene ni chakula cha kweli, lakini kopo moja kwa mwaka linaloletwa kwa basi haliwezi kuwa nguzo ya nyumba. Hata huko anakotoka, bei yake mara nyingi huizidi ya nyama ya ng'ombe. Kwa mama wa Morogoro nguzo ni maharage, dagaa, mayai, na kwa wenzetu wa Mgeta, maziwa ya mbuzi waliozoea kuwafuga kule milimani.

Sasa tuje kwa binti.

Yaliyompata Dar es Salaam ni mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji. Mwili wake umekosea, ukaichukulia protini moja ya kamba kuwa adui na kuishambulia. Protini hiyo mara nyingi huwa ni tropomaiosini, nayo imo ndani ya misuli, ile nyama inayomwezesha mnyama kujongea. Ukimtazama kamba vizuri utaona ana ganda nje, miguu yenye viungo, na vipapasio. Senene naye hivyo hivyo. Kamba, kaa, uduvi, senene, kumbikumbi, mende, na hata utitiri wa vumbi unaokaa kwenye magodoro, wote ni ukoo mmoja wa mbali, na tropomaiosini zao zinafanana sana. Mwili uliojifunza kumkataa mmoja unaweza kumkataa na ndugu yake siku ya kwanza kabisa anapoonjwa. (Torati iliruhusu nzige na kukataza viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba, na Yohana Mbatizaji aliishi kwa nzige na asali ya mwitu. Lakini damu ya mwenye mzio haijui tofauti hiyo. Kwake kamba na nzige ni kitu kimoja.)

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walichapisha habari za watu 15 wenye mzio wa kamba waliolishwa, chini ya uangalizi wa madaktari, mabuu ya mdudu anayeishi kwenye unga, yakiwa yamefichwa ndani ya chakula kingine. Watu 13 kati yao walipata mzio. Ni watu wachache, na mdudu yule si senene, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mtoto anayedhurika kwa kamba atadhurika kwa senene. Lakini 13 kati ya 15 ni wengi mno kwa mama kujaribu bahati. Umoja wa Ulaya nao, ulipoanza mwaka 2021 kuruhusu nzige na mabuu hayo kuuzwa kama chakula, uliagiza pakiti ziandikwe onyo kwa wenye mzio wa kamba na kaa, na wa utitiri wa vumbi.

Jibu letu kwa mama wa Kihonda, basi, ni kwamba binti asipewe senene, wala kumbikumbi, wala panzi wa aina yoyote, mpaka daktari anayefahamu mambo ya mzio amchunguze.

Tunajua maswali yatakayofuata. Je, tukiwachemsha sana? Haisaidii, kwa sababu tropomaiosini huvumilia moto. Kuchemsha, kukaanga na kukausha haviiondoi. Je, tukiondoa miguu, mabawa na kichwa? Haisaidii pia, kwa kuwa imo kwenye nyama yenyewe. Je, tumwonjeshe mmoja tu tuone? Hapana. Safari ya kwanza alivimba midomo na kutapika. Safari nyingine inaweza kubana koo, na nyumbani hamna dawa ya kulifungua. Majaribio ya kuonja hufanywa hospitali, dawa zikiwa tayari mezani.

Kinachotutia wasiwasi zaidi kuliko kopo lenyewe ni senene asiyeonekana. Siku hizi wapo wanaosaga wadudu na kuchanganya unga wao kwenye uji wa lishe au biskuti, na mtoto hawezi kuutambua kwa macho. Uduvi nao, wale kamba wadogo sana wanaouzwa wakavu, wanaweza kujichanganya na dagaa kwenye fungu la sokoni. Mafuta yaliyokaangia senene yakikaangia ndizi za binti, ndizi hizo si salama kwake. Nyumba hii itenge kikaango cha senene, na watoto wakubwa wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza kula, kabla ya kucheza na mdogo wao.

Hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Mzio wa samaki si mzio wa kamba. Protini inayowadhuru wenye mzio wa samaki ni nyingine kabisa, na kama binti amekuwa akila sato na dagaa bila shida, hakuna sababu ya kumnyima. Akina mama wengi wakisikia "vyakula vya baharini" huondoa samaki wote mezani, mtoto akabaki na ugali na mchicha, na hapo utapiamlo ndio unaoingia. Kwa binti huyu, dagaa waliochambuliwa vizuri wanabaki kuwa chakula chake cha kujenga mwili.

Tunawakumbusha pia wale ambao hawajawahi kuonja kamba. Huku bara zipo familia nyingi za namna hiyo, na wenzetu Wasabato hawali kamba kabisa. Kwao mzio unaweza kujitokeza kwa mara ya kwanza kwenye senene au kumbikumbi. Mwenye pumu inayoamshwa na vumbi au mende ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi, ingawa wengi wa watu hao hula wadudu bila kudhurika.

Dalili za mzio huja upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Huanza kwa kuwashwa mdomoni, midomo au macho kuvimba, mabaka ya kuwasha, kutapika. Mtu anayeharisha kesho yake baada ya kula senene waliochacha hana mzio; amekula chakula kilichoharibika. Mabaka peke yake yanaweza kutulizwa na vidonge vya mzio alivyoandikiwa na daktari. Lakini mtoto akianza kukoroma au kupiga miluzi akipumua, sauti ikakauka, akalegea au kuzirai, vidonge hivyo havitoshi. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja, na haraka. Mlaze chali, miguu ikiwa juu kidogo. Ila kama anahangaika kupumua mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza, tafuta gari, na mkifika semeni neno la kwanza kabisa kwamba amekula senene na kwamba ana mzio wa kamba.

Neno hilo hilo mama aliandike kwenye daftari la kliniki la binti, amweleze mwalimu wake, na ampigie shangazi wa Bukoba kabla kopo la mwaka huu halijapanda basi.