Ushuru wa muchele Kalundu: nani analipa, nani anakula, na nini kinapotea

Tarehe 11 Julai 2022 Congo yetu ilikamilisha karatasi zake Arusha na kuwa memba kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi ule ule, nchi za Jumuiya zilianza tarifa mupya ya duane kwa bidhaa zinazotoka inje: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Lakini kuna bidhaa ambazo ziko pembeni ya ngazi hizo, zile wanaita nyeti. Muchele ni mumoja wao: 75 kwa mia. Duane ya Congo ingali inafuata tarifa yake yenyewe, ambayo ngazi zake kubwa ni 5, 10 na 20. Siku moja itabidi hizi mbili zikutane. Hapa Uvira, ambapo muchele wa Asia unapita Dar es Salaam, unapanda treni mpaka Kigoma, kisha meli mpaka bandari ya Kalundu, swali hilo si la Arusha. Ni la sahani yetu.

Wengi wanasema: ushuru ukipanda, serikali inapata makuta na mkulima wa Bonde la Ruzizi anapumua. Ni kweli, lakini ni nusu ya hesabu. Tuifanye yote.

Kwanza tukubali jambo moja. Sisi ni wadogo. Uvira yote ikiacha kula muchele kesho, bei kule Karachi au Bangkok haitashuka hata senti moja. Kwa nchi kubwa inayonunua sana, muuzaji anaweza kuogopa kupoteza soko na kupunguza bei yake, kwa hiyo sehemu ya ushuru inamwangukia yeye. Kwetu haiko vile. Muuzaji wa Asia anapata bei yake ile ile, na ushuru wote unajibandika juu ya bei ya hapa. Anayeulipa ni yule anayenunua sokoni.

Sasa mfano. Namba hizi tumezichagua wenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Si namba za duane. Tuseme gunia la kilo 25 la muchele wa inje linafika Kalundu kwa dola 20, gharama zote za njia zikiwa ndani, na hakuna ushuru. Kwa bei hiyo watu wa mji na kando ya ziwa wananunua magunia 50 000 kwa mwezi. Wakulima wa Kiliba, Sange na Luberizi wanaleta 10 000. Yanayobaki, 40 000, yanatoka inje.

Duane inaweka ushuru wa 20 kwa mia, yaani dola 4. Gunia linapanda mpaka dola 24. Na muchele wa Bonde pia unapanda mpaka 24, maana hakuna mkulima atakayeuza 20 wakati jirani yake anauza 24. Hapo ndipo watu wengi wanasahau: ushuru unapandisha bei ya muchele wote, hata ule ambao haukuvuka mpaka.

Kwa dola 24 wanunuzi wanapunguza. Mama mmoja anachanganya na mihogo, mwingine anarudi kwenye bukari. Tuseme wananunua 44 000. Wakulima wanaona bei nzuri, wanalima na pale walipokuwa wanaacha, wanaleta 14 000. Ya inje yanabaki 30 000.

Tuhesabu mifuko mitatu. Wanunuzi wanalipa dola 4 zaidi kwa kila moja ya magunia 44 000: ni 176 000. Tena kuna magunia 6 000 waliyoyaacha. Hayo walikuwa wanayapenda kuliko dola 20 lakini si kuliko 24. Hasara yake kwa wastani ni dola 2 kwa gunia, kwa hiyo 12 000. Jumla wanunuzi wanapoteza 188 000 kwa mwezi. Wakulima wanapata dola 4 kwa magunia yao 10 000 ya zamani, ni 40 000. Magunia 4 000 mapya yaliwagharimu zaidi kuyalima, kwa hiyo faida yake ni dola 2 tu kwa wastani: 8 000. Jumla 48 000. Serikali inapata dola 4 kwa magunia 30 000: 120 000.

Ukitoa 48 000 na 120 000 kwenye 188 000, kunabaki 20 000. Hizo hazikuingia mfuko wa mtu yeyote. Hazikuibiwa, zimepotea. Ukichora bei kwa wima na magunia kwa ulalo, utaziona kama pembe tatu mbili ndogo pembeni ya sanduku la serikali. Ya kwanza, 8 000, ni jasho na mbolea tulizotumia kulima kwa bei ghali kitu ambacho kingefika Kalundu kwa dola 20. Ya pili, 12 000, ni chakula ambacho watu walikitaka na wakakiacha.

Msomaji atasema: 20 000 juu ya 188 000 si kitu kikubwa. Ana haki. Kwa ushuru mdogo, pembe tatu ni ndogo na sanduku ni kubwa. Lakini tupandishe mpaka 75 kwa mia, na tuseme kwanza milango yote ya mpaka imefungwa vizuri. Ushuru sasa ni dola 15, gunia ni dola 35. Kama watu wanaendelea kubadilika kwa mwendo ule ule, wakulima wataleta 25 000, wanunuzi watachukua 27 500, na ya inje yatakuwa 2 500 tu. Serikali inapata dola 15 mara 2 500, yaani 37 500. Kumbe ushuru umepanda karibu mara nne, na mapato yameanguka kutoka 120 000! Hasara safi nayo inafika 281 250, mara 14 ya ile ya kwanza. Sababu ni rahisi: pembe tatu inakua kwa urefu na kwa upana pamoja. Ukizidisha ushuru mara mbili, hasara inazidi mara nne. Mara tatu, hasara mara tisa. Ndiyo maana hata ndani ya Jumuiya, nchi kama Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza muchele chini ya 75.

Lakini milango haifungwi vizuri. Tunaijua Ruzizi, tunaijua Kavimvira, tunayajua mafuo ambapo mitumbwi inafika usiku. Turudi kwenye ushuru wa dola 4. Tuseme nusu ya magunia ya inje, 15 000, inapita bila karatasi. Bei sokoni inabaki 24, juu ya magunia yanayolipa ushuru ndiyo yanapanga bei. Mnunuzi hapati nafuu yoyote. Serikali inapoteza 60 000. Zinakwenda wapi? Sehemu ni faida ya mwenye muchele na kitu kidogo cha njiani: hizo zimebadilisha mfuko tu, hata kama ni mfuko usiofaa. Lakini sehemu nyingine inaungua: kupakua na kupakia tena, kuzunguka porini, wabebaji wa usiku, magunia yanayoloana. Kama dola 3 kwa kila gunia zinaungua hivyo, ni 45 000 zaidi, na hasara safi inapanda kutoka 20 000 mpaka 65 000. Pembe tatu hazikubadilika. Ni sanduku la serikali ambalo limetobolewa.

Namna gani ya kujua kama sanduku linavuja? Kuna njia mbili ambazo hazihitaji fundi. Ya kwanza ni kulinganisha magunia yaliyoandikwa yakitoka Kigoma kuja kwetu na yaliyoandikwa yakiingia Kalundu. Ya pili ni bei. Chukua muchele wa aina moja ulioingia kwa njia moja. Kama Uvira unauzwa juu ya bei yake ya kabla ya ushuru kwa dola 4, ushuru unalipwa angalau na wengi. Kama umezidi kwa dola 2 tu, basi hata mfanyabiashara wa mwisho sokoni halipi, na tarifa iliyoandikwa kwenye karatasi si tarifa inayofanya kazi. Inaomba tu kuwa mwangalifu na kilo: gunia la 25 ambalo limepungua ndani linadanganya hesabu.

Kuna mlango mwingine, na huu ni wa halali. Ndani ya Jumuiya, muchele wa Tanzania, kwa mfano wa Mbeya, unatakiwa kupita bila ushuru. Tuseme unafika Kalundu kwa dola 23. Bila ushuru kwa yeyote, wa Asia wa 20 ungeushinda. Ushuru wa dola 4 ukiwa juu ya wa Asia peke yake, wafanyabiashara wote watakimbilia Mbeya. Mnunuzi analipa 23 badala ya 24, na hiyo ni nafuu kidogo kwake. Lakini serikali inapata sifuri. Dola 3 kwa kila gunia haziendi Kinshasa, zinalipa gharama kubwa ya mkulima wa ng'ambo. Hatusemi muchele wa Mbeya ni mubaya. Wengi wanaupenda kuliko wa Asia. Tunasema tu kwamba mwenye kuahidi mapato makubwa kutoka tarifa ya Jumuiya lazima aondoe kwanza magunia hayo kwenye hesabu yake.

Na mkulima wa Bonde? Katika mfano wetu alipata 48 000, na ili azipate wanunuzi walilipa 188 000. Serikali ingemlipa dola 4 kwa kila gunia analoleta, magunia 14 000, ingetumia 56 000. Mkulima angepata zile zile 48 000, bei sokoni ingebaki 20, na kitakachopotea ni pembe tatu moja tu, ile ya 8 000. Mama wa mji asingepunguza sahani, wala mkulima ambaye amemaliza muchele wake mapema na sasa ananunua kama sisi wote.

Shida ya njia hii tunaijua: ushuru unaleta makuta, msaada unaomba makuta, na ya serikali yanachelewa kufika Sange. Kwa hiyo wakubwa watapenda ushuru. Basi watakapokaa kuongea juu ya 20 au 75, waulizwe mambo mawili. Magunia mangapi yatabaki kulipa baada ya Mbeya na baada ya mitumbwi ya usiku? Na yale ambayo hayatabaki, nani atayalipia? Hesabu yetu inaonyesha jibu la swali la pili: ni yule anayepima kilo moja moja sokoni.