Kanusho Halimwokoi Mzembe

Mwandishi wa safu ya wiki iliyopita anadai kwamba mthamini wa nyumba akishaandika "hatuwajibiki" chini ya ripoti yake, hasara ni ya mnunuzi. Hoja hiyo Uingereza iliangushwa mwaka 1989, katika kesi ya Smith dhidi ya Eric S. Bush.

Mnunuzi alikuwa mwanamke wa kipato cha kawaida, aliyetaka nyumba ndogo kwa mkopo. Mkopeshaji ndiye aliyemtuma mthamini, lakini ada aliilipa mnunuzi. Ripoti ilisema hakuna matengenezo ya lazima. Mthamini aliona kabisa kwamba kuta za dohani zilikuwa zimebomolewa ghorofani, ila hakupanda darini kuangalia kilichobeba matofali yaliyobaki juu. Hayakuwa na nguzo ya maana. Miezi 18 baadaye yakaporomoka, yakatoboa dari ya chumba cha kulala.

Kanusho lilikuwepo, tena limeandikwa wazi. Majaji wa Baraza la Malodi walilipima kwa sheria ya mwaka 1977 inayodhibiti makanusho yasiyo ya haki, wakalitupa. Mthamini alijua nani angeitegemea ripoti, kazi haikuwa ngumu, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kukata bima.

Mwenzangu angesema kwamba majaji waliacha mlango wazi kwa majengo ya biashara na nyumba za bei kubwa, ningenyamaza. Lakini yeye alizungumzia mnunuzi wa nyumba ya kuishi, na hapo hana pa kusimama.