Kodi ya Jengo na Bei ya Kipande



Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyefiwa na mumewe, alinijia baada ya nyumba ya marehemu kuuzwa na mirathi kugawanywa. Thumuni yake ilikuwa shilingi 400,000. Mwanawe anayefanya kazi Nairobi alimshauri aziweke fedha hizo katika amana ya majengo, ile ambayo watu wa soko la hisa huiita riti. Mama akaniuliza: “Sheikh, kodi ya nyumba naijua kuwa ni halali. Lakini nikitaka fedha zangu nende Hijja, nitazipata?” Swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyodhani mwenyewe, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Umbo la amana hii si geni kwetu sisi tuliolelewa karibu na maduka ya wakfu. Watu wengi huchanga fedha, na kwa fedha hizo hununuliwa majengo yenye wapangaji. Hati za majengo hushikwa na mdhamini, ambaye hana ruhusa ya kuyafanya yake. Meneja huajiriwa kusimamia shughuli, naye hutafuta wapangaji, hukusanya kodi na kufanya matengenezo. Kila aliyechanga hupewa vipande kwa kadiri ya fedha zake. Kwa mujibu wa kanuni za Kenya za mwaka 2013, amana inayoishi kwa kodi hulazimika kuwagawia wenye vipande asilimia 80 au zaidi ya mapato yanayobaki baada ya gharama. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo inayosimamia haya yote.

Wakfu hauuzwi, na kipande cha riti huuzwa. Hapo ndipo njia zinapoachana, na hapo ndipo jawabu la yule mama lilipo. Amana haikurudishii fedha zako pindi unapozihitaji, kwa kuwa zimekwisha kuwa kuta na paa, na hakuna atakayebomoa ukuta akupe tofali lako. Ukitaka kutoka, sharti umpate mtu mwingine wa kukununulia kipande, naye atatoa bei anayoitaka yeye siku hiyo.

Tuitazame amana ya Fahari, ya kwanza ya aina hii kuingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Ilianza Novemba 2015 kwa kuuza vipande vyake kwa shilingi 20 kila kimoja. Walitumai kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 12, zikapatikana takriban bilioni 3.6. Wakanunua majengo machache Nairobi, kubwa lao likiwa jengo la maduka la Greenspan, mtaa wa Donholm. Wapangaji wakalipa, na wenye vipande wakagawiwa. Katika miaka yake mizuri, kila kipande kilipata senti 75 kwa mwaka.

Sasa tumchukulie mama yetu kana kwamba aliingia siku ile ya kwanza. Shilingi 400,000 zingempa vipande 20,000. Senti 75 kwa kila kipande ni shilingi 15,000 kwa mwaka, yaani 1,250 kwa mwezi. Ukilinganisha na mtaji wake, ni chini kidogo ya shilingi nne katika kila mia. Si nyingi, lakini zinaingia bila ya yeye kugombana na mpangaji wala kumtafuta fundi wa bomba usiku.

Tabu ilikuwa upande wa pili. Sokoni bei ya kipande ilishuka mwaka baada ya mwaka, hata ikafika kama shilingi 6. Majengo hayakuwa yameporomoka. Wathamini waliendelea kuyapa thamani iliyozidi mno bei ile ya soko. Lakini wanunuzi walikuwa wachache, na amana yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ilivyopangwa, ilhali meneja, mdhamini, mkaguzi na mthamini wote hulipwa kutoka katika kodi hiyo hiyo kabla ya mwenye kipande kuonja chochote. Tena jengo moja lilikuwa limebeba sehemu kubwa ya mapato. Mwenye majengo kumi akiondokewa na mpangaji mkubwa hutikisika, lakini mwenye majengo matatu au manne huyumba.

Kwa bei ya shilingi 6, vipande vya mama vingekuwa na thamani ya shilingi 120,000 tu. Kodi ilikuwa inalipwa, na safari ya Hijja ilikuwa imekwisha kumponyoka.

Mwaka 2023 wasimamizi waliamua kuitoa amana katika soko kuu, na wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11. Hapo mama angepokea 220,000. Hata tukimjaalia kuwa alilipwa senti 75 kila mwaka kwa miaka saba, na kwa kweli si kila mwaka zilifika huko, angekuwa amepata kodi ya 105,000. Jumla ni 325,000. Aliingia na 400,000. Mapema mwaka 2024 Fahari ikaondoka katika soko kuu, na biashara ya vipande vyake ikahamia katika jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa.

Hata hivyo, mtu aliyenunua vipande vile vile sokoni kwa shilingi 6 alikuwa katika hali nyingine kabisa. Senti 75 juu ya shilingi 6 ni sawa na shilingi kumi na mbili na nusu kwa kila mia, na alipouza kwa 11 mtaji wake ulikuwa umekaribia kuwa maradufu. Wapangaji ni wale wale na jengo ni lile lile, ila bei ya kuingilia ndiyo iliyotofautiana. Kwa hiyo dalali akikuambia “hii inalipa kumi na mbili kwa mia,” muulize: ya bei gani, na kwa nini wenye vipande wanaviuza kwa bei hiyo?

Kuhusu uhalali, kodi yenyewe haina shaka, lakini amana si kodi peke yake. Ndani ya jengo huenda mkawa na benki ya riba au mahali pa pombe, na kanuni zetu huruhusu amana ya aina hii kukopa hadi asilimia 35 ya mali yake, mkopo ambao aghalabu huwa wa riba. Malaysia walitoa mwongozo wao mwaka 2005, wakaweka kikomo cha asilimia 20 kwa kodi itokayo katika shughuli zisizofaa. Mwaka uliofuata ikaorodheshwa amana ya Al-Aqar, iliyojengwa juu ya majengo ya hospitali. Mimi naona asilimia 20 ni mlango mpana, lakini angalau wao wameupima. Huku kwetu itakubidi usome taarifa ya mwaka mwenyewe, au umwombe mwanao akusomee: nani wapangaji, deni ni kiasi gani na la nani, gharama zimekula sehemu gani ya kodi, na mwezi uliopita viliuzwa vipande vingapi.

Lile la mwisho ndilo nililomsisitizia yule mama. Kama katika mwezi mzima vimeuzwa vipande vichache kuliko vyake, basi siku atakayotaka kutoka hatapata mnunuzi ila kwa kushusha bei. Tukazigawa fedha zake mbili. Za Hijja zimebaki mahali anapoweza kuzichukua wakati wowote, na zilizosalia, ambazo hana haja nazo kwa miaka kumi, ndizo anazozitafutia jengo. Mwanawe ameahidi kuleta taarifa ya amana moja ya mabweni ya wanafunzi, nasi tutaisoma pamoja baada ya Ijumaa.