Nyonga Ikiangukia Kushoto, Muulize wa Kulia

Wasee, nina kisirani kidogo na hizi video za "fanya skwati mia kwa siku nyonga itulie". Nimeziangalia nyingi, na nyingi zinakosea mahali pamoja.

Wiki jana nilimrekodi binamu yangu akikimbia, nikiwa nyuma yake na pikipiki ya rafiki. Ilikuwa kilomita nane za barabara ya murram. Kilomita ya kwanza mshipi wa kaptula yake umelala sawa kabisa. Kufika ya saba, kila akikanyaga mguu wa kulia, upande wa kushoto wa kiuno unashuka, na goti la kulia linaingia ndani. Nilipomwonyesha akasema, "Buda, kumbe mguu wangu wa kushoto ndio mbovu." La, ni wa kulia! Hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Jaribu sasa hivi. Simama kwa mguu wa kulia, kisha bonyeza vidole kando ya nyonga ya kulia, kati ya ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga na kile kifundo kigumu kilicho juu ya paja. Utasikia kitu kimekaza. Huo ni msuli wa glutiasi midiasi. Umeshika mfupa wa nyonga kwa juu na mfupa wa paja kwa chini. Mguu ukiwa hewani, msuli huu hutanua mguu kando. Mguu ukiwa chini paja haliendi popote, kwa hivyo msuli unavuta nyonga chini upande wake, na upande ule mwingine, ambao hauna mguu wa kuushikilia, unabaki juu.

Ichukulie kama bembea ya watoto. Egemeo ni kiungo cha nyonga ya kulia. Binamu ana kilo 60 hivi, na mguu mmoja ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili. Ukitoa ule aliosimamia, zinabaki kilo 50 zinazoning'inia juu ya egemeo. Uzito huo uko, tuseme, sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, lakini msuli unavuta ukiwa sentimita 5 tu. Kwa hivyo lazima uvute kama kilo 100 ndio mambo yasawazike. Hiyo ni kusimama tu, na hesabu yenyewe ni ya kukadiria. Akikimbia mzigo unaongezeka, na kwa kilomita nane kila mguu unatua karibu mara elfu nne.

Msuli ukichoka, nyuzi zake hazivuti kama mwanzo, ila zile kilo 50 hazijapungua hata gramu. Bembea inalalia upande mzito: kushoto kunashuka hadi mishipi ya nje ya paja ikaze na kuzuia. Mwili ni mjanja lakini. Wengine huinamisha kifua juu ya mguu waliosimamia, ule uzito unasogea hadi sentimita 6, na msuli sasa unahitaji kilo 60 tu. Ndio maana kuna mtu nyonga yake inaonekana sawa, ila mabega yanayumba kama mlevi. Ukimrekodi mtu, angalia vyote viwili.

Sasa rudi kwa skwati. Ukiwa na miguu yote miwili chini, nyonga imeegemezwa pande zote mbili, haina pa kuangukia. Msuli huu unaguswa, sikatai, lakini si kwa kazi yake kuu. Binamu nimempa kazi ya ngazi: anasimama kwa mguu wa kulia ukingoni, wa kushoto unaning'inia, anashusha nyonga ya kushoto polepole halafu anaipandisha, goti la kulia likiwa limenyooka. Kumi za kwanza alinicheka. Ya kumi na tatu alishika ukuta.

Kushuka kidogo ukikimbia ni kawaida, msianze kuogopa. Na uchovu una dalili yake: unaanza sawa, unaharibika ukiendelea, ukipumzika unarudi. Kama nyonga inaanguka sekunde ya kwanza tu ukisimama kwa mguu mmoja, hujafanya mazoezi yoyote, huo si uchovu. Inaweza kuwa neva inayoamrisha msuli, kano iliyochanika, au kiungo chenyewe. Daktari mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza alama hiyo mwaka 1895, na hadi leo hospitalini wanakusimamisha hivyo hivyo. Ngazi zangu hazitakusaidia hapo, nenda upimwe.

Na shosho akiumwa nyonga ya kulia, bakora ishikwe mkono wa kushoto. Wangu alikataa siku mbili nzima.