Kadi iende kwa aliyechelewa

Mpira wa jioni mtaani hauanzi watu wote wakiwepo. Saa kumi na moja na robo wamefika wanane, wanagawana wanne kwa wanne na kuanza. Wengine wanadondoka mmoja mmoja: huyu ameshuka daladala, yule ameegesha bodaboda nyuma ya goli, mwingine anakuja anafungua vifungo vya shati la ofisini huku anauliza matokeo. Anavaa njumu amekaa juu ya begi, anapiga kelele "nipeni upande," anaingia. Dakika haijapita, unarushwa mpira mrefu nyuma ya beki, anaukimbilia kwa nguvu zake zote. Anayeshika paja na kuchechemea hadi pembeni mara nyingi ni huyo.

Wazo la kuwapa wachezaji wa namna hii kadi ndogo ya mfukoni, yenye mazoezi ya dakika tano ya kupasha misuli, tunaliunga mkono. Tunaliunga mkono kwa sharti moja: kadi iandikwe kwa ajili ya huyu aliyechelewa. Timu inayofika pamoja ina nahodha wa kuipigia filimbi na kuizungusha kiwanja. Aliyefika peke yake hana mtu wa kumpasha, na hawezi kuwasimamisha wenzake. Kadi ndiyo kocha wake.

Kwa nini dakika tano na si ishirini? Kwa sababu ya jua. Dar es Salaam mwezi wa Mei jua huzama mnamo saa kumi na mbili na dakika kumi. Februari linakaa hadi karibu saa moja kasorobo. Aliyetoka kazini saa kumi na moja ana muda mfupi wa kucheza kabla mpira haujaanza kupotea machoni. Ukimwambia apashe dakika ishirini, atakuitikia kwa heshima, kisha ataingia bila kupasha hata moja.

Tuseme kwanza kinachochanika na kwa nini. Mtu anapokimbia kwa kasi, mguu hutupwa mbele, na nyama za nyuma ya paja ndizo zinazoufunga breki kabla unyayo haujagusa ardhi. Zinavuta kwa nguvu huku zenyewe zinarefushwa. Hapo ndipo nyingi huchanika. Mbio za polepole haziufikishi msuli huo kwenye kazi hiyo, hata ukizunguka kiwanja mara nne. Kwa hiyo kupasha kunakoishia kwenye mbio za polepole kumeacha nje jambo lenyewe. Mbio ya kwanza ya kasi ya jioni hiyo itakuwa ile ya kugombea mpira na beki, nayo haina nusu mwendo.

Ndiyo maana mpangilio wa kadi una uzito kuliko wingi wa mazoezi. Dakika ya kwanza, kimbia polepole kwenda na kurudi pembeni mwa kiwanja, mwendo ambao bado unaweza kuongea. Dakika ya pili endelea kutembea na kukimbia, ila sasa fungua nyonga: inua goti hadi usawa wa kiuno, lizungushe kwenda nje, shusha, mguu wa pili vivyo hivyo, kisha kimbia ubavuubavu na kinyumenyume. Aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi nyonga zake zimekunjwa kutwa nzima, na ndizo zitakazoamua urefu wa hatua yake.

Dakika ya tatu ni ya kuamsha nguvu. Chuchumaa na kuinuka mara kumi, visigino vikiwa chini. Halafu piga hatua ndefu ukishusha goti la nyuma karibu na ardhi, tano kila mguu. Dakika ya nne, simama kwa mguu mmoja kwa sekunde kumi, badili, kisha ruka juu kidogo mara nne au tano na kutua kimya, magoti yamekunjwa na yakielekea vidoleni. Hapa mwenzako akutazame: magoti yakiporomoka kwa ndani unapotua, hujatua vizuri, na ndivyo magoti yanavyoumia mtu anapogeuka ghafla. Punguza urefu wa kuruka hadi yatulie.

Dakika ya tano ndiyo roho ya kadi. Mbio tatu za hatua thelathini. Ya kwanza nusu kasi, ya pili robo tatu, ya tatu karibu na kasi yako yote. Kila mbio ipunguze taratibu mwishoni, usisimame ghafla, na urudi kwa kutembea. Tumepiga hesabu: sekunde nne au tano za kukimbia, kumi na tano au zaidi kidogo za kurudi, mara tatu, dakika imekwisha. Ukibaki na nafasi, pasiana na mtu kwa upande wa ndani wa mguu, karibu kwanza kisha mbali, kabla hujapiga shuti. Shuti la kwanza la nguvu kwa mguu uliopoa ni njia nzuri ya kuumiza kinena.

Mtaona hatujataja kusimama na kushika vidole vya miguu, zoezi ambalo wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwa ndilo la kupasha. Tumeliacha makusudi. Kuvuta msuli na kuushikilia kwa dakika nzima hupunguza kidogo nguvu zake kwa muda mfupi unaofuata, wala hakuupi joto. Sekunde kumi hazina madhara. Kasoro yake ni kwamba zinakula muda wa mbio tatu. Anayependa kujinyoosha ajinyooshe baada ya mchezo, wakati wa kubishana lile goli lilikuwa halali au la.

Kuna alama moja ya kupasha ambayo huku pwani inadanganya, nayo ni jasho. Vitabu vingi huandika kwamba ukianza kutoka jasho umeiva. Aliyetoka Mbagala amesimama kwenye daladala iliyojaa amekwisha kulowa kabla hajafika kiwanjani, na nyama za paja lake hazijafanya kazi yoyote. Kadi za huku zisiandike jasho. Ziandike pumzi: umekuwa tayari pale unapoweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kusimulia hadithi, na mbio ya tatu umeikimbia bila kuhisi msuli wowote unakubana. Ukihisi unabana, rudia ya pili. Ukihisi kuchomwa ghafla, jioni yako imekwisha. Kaa pembeni, usijaribu kuunyoosha ili "ulegee".

Si kila mtu anatoka kazini amekaa. Fundi cherehani, mlinzi wa getini, dereva na karani hufika wamekauka. Saidia fundi aliyechanganya zege tangu asubuhi hufika amechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Huyu wa zege hahitaji kuchuchumaa mara kumi, amechuchumaa kutwa. Aanze na maji, akimbie ile dakika ya kwanza, afungue nyonga, aruke moja kwa moja hadi mbio tatu. Na kama mbio ya tatu miguu ni mizito, acheze nyuma au akae golini jioni hiyo. Msuli uliochoka huchanika kama uliopoa, na hakuna kupasha kunakoondoa uchovu. Hili liandikwe mgongoni mwa kadi kwa mstari mmoja, kwa sababu wachezaji wa aina hii ndio wagumu kukubali.

Mgongoni huko uongezwe mstari mwingine, hasa kwa timu za maveterani: ukihisi kifua kinabana au kichwa kinazunguka wakati wa kupasha, acha na uende hospitali, usisubiri kipindi cha pili. Hatuoni haja ya kurefusha maelezo hapo.

Lazima pia tuseme kadi hii si nini. Mwaka 2006 FIFA ilileta mpango wa kupasha unaoitwa 11+, wenye mazoezi kumi na tano: mbio mwanzoni, nguvu na mizani katikati, mbio tena mwishoni. Unachukua kama dakika 20 na umekusudiwa kufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Ulipojaribiwa kwa wasichana wa vilabu vya Norwei, katika utafiti uliochapishwa 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja. Hiyo theluthi ni ya dakika ishirini, tena zilizorudiwa wiki baada ya wiki. Atakayechapa kadi ya dakika tano na kuibandika ahadi hiyo atakuwa anawadanganya wachezaji.

Dakika tano zinakuandaa kwa jioni hii tu. Nguvu ya nyama za paja inajengwa siku nyingine. Zoezi linalojulikana zaidi ni lile la kupiga magoti huku mwenzako amekushika visigino, kisha kujishusha mbele polepole bila kukunja kiuno hadi ushindwe na kujidaka kwa mikono. Lina faida iliyothibitishwa, lakini kwa anayeanza humwachia maumivu ya siku mbili, kwa hiyo lisiingie kwenye kadi ya kabla ya mechi. Lifanyeni baada ya mchezo, mara tano kwa kuanzia, na siku inayofuata isiwe ya mechi.

Suala la akiba nalo. Aliyepasha saa kumi na moja na nusu akakaa kwenye tofali dakika ishirini akisubiri kuingia, amepoa. Asirudie kadi nzima. Dakika ya kwanza na ya tano zinamtosha. Vivyo hivyo baada ya mapumziko marefu.

Kuhusu kadi yenyewe: iwe na ukubwa wa kitambulisho cha taifa, ikae kwenye pochi. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi kumi, mbili kwa upana na tano kwa urefu. Mbele mistari mitano, mmoja kwa kila dakika, maneno yasizidi manane kwa mstari, kwa herufi zinazosomeka jioni. Nyuma ile mistari miwili tuliyoitaja. Isiwekwe picha za wadhamini zikala nafasi. Ipitishwe kwenye plastiki pale steshenari ya mtaa, kwa sababu itakaa mfukoni na jasho.

Na manahodha wawe na kanuni moja kiwanjani, bila kumwonea haya mtu: anayefika akiwa amechelewa haingii mpaka mbio zake tatu zionekane. Atalalamika. Mwacheni alalamike akiwa anakimbia, kisha mpeni upande.