Michango si Sadaka

Mwandishi wa matangazo akiona neno limejirudia, mara nyingi hukimbilia kisawe. Sisi tunaona hiyo ndiyo dawa ya mwisho. Tuchukue tangazo hili la mfano:

“Kama kamati ilivyosema katika mkutano wa wawakilishi wa walei, michango ya uzio itapokelewa hadi Jumapili. Waliotoa michango wapewe stakabadhi, na waliotoa ahadi ya michango wakumbushwe kutoa michango hiyo kabla ya Jumapili.”

Kwa macho halina neno. Lisomwe kwa sauti, tena na mtu ambaye hakuliandika, na ulimi utajikwaa kwenye “kama kamati”, kisha kwenye “wa wawakilishi wa walei”. Tukipigia mstari mizizi badala ya maneno mazima, “toa” imo mara tatu, michango mara nne.

Kishawishi ni kuandika “sadaka” mahali pa “michango” ya pili na “zaka” mahali pa ya tatu. Sikio litafurahi, lakini mhasibu wa parokia atashika kichwa, kwa maana hayo ni mafungu matatu tofauti. Kiswahili kina njia nyepesi zaidi: kiambishi. Ile “i” katika “kuileta” inabeba michango yote bila kuitaja. Na “waliotoa ahadi ya michango” ni “walioahidi” tu.

Kwa “wa wawakilishi” tunabadili ngeli. Badala ya mkutano tunaweka kikao, na “wa” ya kwanza inageuka “cha”. Hapa kisawe kinafaa, kwa kuwa wawakilishi wachache waliokaa kujadili jambo hufanya kikao. “Wa walei” tunaiacha. Huo ni upatanisho wa kisarufi, kama ulivyo katika “watoto wadogo wawili”, na anayeufukuza kila mahali ataishia kuandika Kiswahili kisichosemwa na mtu.

Tunapata hivi:

“Kama ilivyoelezwa na kamati katika kikao cha wawakilishi wa walei, michango ya uzio itapokelewa hadi Jumapili. Waliotoa wapewe stakabadhi, na walioahidi wakumbushwe kuileta kabla ya siku hiyo.”

Limebaki jambo moja, nalo lilikuwa limefichwa na Jumapili mbili. “Hadi Jumapili” inaihesabu Jumapili yenyewe. “Kabla ya Jumapili” inaishia Jumamosi. Mama atakayekuja na bahasha yake baada ya Misa, amewahi au amechelewa? Tungeweza kuandika “ifikapo siku hiyo” na sentensi ingeteleza vizuri, ila tungekuwa tumeamua sisi jambo lisilo letu. Kalamu ya msahihishaji inasimama hapo. Karatasi irudishwe kwa katibu wa kamati, aseme ni siku ipi, kabla haijafika mikononi mwa msomaji wa matangazo.